Lisome Gari kwa Ekseli ya Nyuma

Mama mdogo anauza mchele Morogoro. Kwa miaka mitatu alichukulia magunia kwa wakulima kwa Toyota Platz, na kila safari gari lilirudi limeinua pua kama ngalawa inayopanda wimbi. Usiku taa zilimulika matawi ya miembe, barabara ikabaki giza. Mvua ikinyesha, kwenye kilima chochote chenye utelezi tairi za mbele zilizunguka bure, ikabidi watu washuke wasukume. Fundi mmoja alimbadilishia shokapu, akambadilishia na springi za nyuma. Fedha ikaenda, pua ikabaki juu. "Mwanangu," akaniuliza siku niliyomtembelea, "gari hili lina ugonjwa gani?"

Gari lilikuwa zima. Lilikuwa sedani, nalo lilikuwa likifanyishwa kazi ya stesheni wagoni.

Wengi wetu tunatenganisha magari kwa sura: lenye buti, lisilo na buti, la juu, la mizigo, la abiria. Sura inasaidia, ila haikuambii kwa nini gari moja linaubeba mzigo ule ule kwa raha na jingine linateseka. Mimi kwanza huangalia ekseli ya nyuma, chuma kile kinachobeba magurudumu mawili ya nyuma, nikajiuliza mzigo wa gari hili unakaa mbele yake, juu yake, au nyuma yake. Halafu nauliza swali la pili: mzigo huo umebebwa na bodi yenyewe, au kuna chesisi chini yake? Ukiyajibu hayo mawili, majina yanajipanga yenyewe.

Hakuna mahali pazuri pa kuliona jambo hili kuliko katika ukoo mmoja wa Toyota tunaokutana nao kila siku. Mwaka 1999 ilitoka Vitz, na mwaka huo huo ikatoka Platz. Mwaka 2002 ikatoka Probox. Kwa chini magari haya matatu yana asili moja, na zile zisizo na fowili zinavutwa zote na magurudumu ya mbele. Kilichobadilishwa ni bodi, yaani kile kinachoanzia kwenye mlango wa mbele kwenda nyuma.

Vitz ni hachibaki. Ukiitazama kwa ubavuni, paa linakwenda hadi juu ya gurudumu la nyuma kisha linakatwa ghafla, na mlango wa nyuma unafunguka pamoja na kioo chake. Urefu wake wote ni kama mita 3.6. Platz ni Vitz iliyopewa buti: nafasi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma haikubadilika hata kidogo, mita 2.37 kwa zote mbili, lakini Platz ina urefu wa mita 4.1 na ushee. Ile nusu mita iliyoongezeka karibu yote imening'inia nyuma ya magurudumu ya nyuma. Hiyo ndiyo sedani. Ina vyumba vitatu vinavyofuatana, cha injini, cha watu na cha mizigo, na kila kimoja kina ukuta wake.

Probox nayo ni stesheni wagoni. Paa halikatwi juu ya gurudumu, linaendelea hadi mwisho wa gari, na baada ya mlango wa abiria wa nyuma kuna kioo kingine kirefu cha ubavuni, kisha nguzo ya mwisho iliyosimama karibu wima. Urefu wake ni kama mita 4.2, hauipiti Platz kwa kitu cha maana. Ila hapa waundaji walifanya jambo ambalo macho hayalioni upesi: waliisogeza ekseli ya nyuma kwenda nyuma, ekseli mbili zikaachana kwa mita 2.55. Sentimita kumi na nane hivi. Ndizo zilizokuwa zikimtesa mama mdogo.

Tulilisimamisha gari lake uani, tukafungua buti, nikachukua tepu ya fundi. Magunia mawili ya kilo 100 yalikuwa ndani, yamelazwa kama anavyoyalaza siku zote. Kutoka usawa wa katikati ya gurudumu la nyuma hadi katikati ya magunia nilipata sentimita 60 kwenda nyuma. Sasa lione gari kama ubao wa bembea, na ekseli ya nyuma ndiyo gogo ulilolalia ubao. Kilo 200 zilizo nyuma ya gogo zinaushusha upande wao na kuunyanyua upande wa pili. Chukua 200, zidisha kwa 60, gawanya kwa 237, ambayo ndiyo nafasi kati ya ekseli mbili kwa sentimita. Unapata kilo 50. Maana yake magurudumu ya mbele yamepunguziwa kilo 50, na ya nyuma yamebebeshwa kilo 250, zaidi ya uzito wa magunia yenyewe.

Kwa gari ambalo lenyewe halifiki tani moja, kilo 50 ni nyingi. Tena zinaondoka kwenye magurudumu yale yale yanayovuta, yanayokata kona, na yanayofanya kazi kubwa zaidi ukikanyaga breki. Ndiyo maana tairi ziliteleza kilimani, taa zikatazama mitini, na usukani ukawa mwepesi mkononi hadi ukampa mashaka. Springi mpya zingeweza kuupandisha mkia kidogo. Uzito ulioondoka mbele zisingeurudisha, kwa sababu mzigo ulikuwa bado upande ule ule wa gogo.

Jirani yake ana Probox. Tuliomba tuijaribie. Siti ya nyuma ikakunjwa, sakafu ikawa bapa kwa karibu mita 1.8, magunia yakasukumwa hadi nyuma ya viti vya mbele. Nikapima tena: katikati ya magunia ilikuwa sentimita 30 mbele ya ekseli. Hesabu ni ile ile, 200 mara 30 gawanya kwa 255, unapata kama kilo 24, lakini safari hii zinaongezwa kwenye magurudumu ya mbele. Ya nyuma yanabaki na 176. Mzigo ni ule ule na gari lina urefu karibu ule ule, ila pua ilikaa chini.

Vitz ingefanyaje? Ukikunja siti, si mbaya. Hachibaki haina mahali pa kuweka mzigo mbali nyuma ya ekseli, kwa hiyo hata ukilipakia ovyo haliinui pua sana. Kinachokosekana ni nafasi. Ndiyo sababu hachibaki ni gari zuri la mjini kwa mtu mwenye ndoo mbili, mfuko wa unga na watoto, na linageuka pale ambapo sedani inahitaji kurudi nyuma mara mbili.

Kuna jambo moja kwa anayetafuta Probox ya mtumba. Japani waliuza za aina mbili: ya mizigo na ya familia. Ya mizigo utaijua kwa siti ya nyuma, nyembamba kama benchi lililowekewa godoro la mtoto, mgongo mfupi usiofika mabegani. Springi zake ni ngumu, na tairi zake zinaandikwa LT ubavuni, yaani tairi za gari la mizigo. Ya familia ina siti nene na inatembea laini. Ya mizigo iliruhusiwa huko kwao kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watu watano. Wanaozifanyia mchomoko wakapakia watu hadi kwenye buti na magunia juu ya paa wanauvuka mpaka huo kabla hawajatoka stendi. Na mtu aliyekaa kwenye buti hana mkanda wala kiti, na mbele ya miguu ya mwenzake aliyempakata kuna bati la mlango tu.

Ukuta ule wa sedani uliopo kati ya siti ya nyuma na buti una thamani yake, tusiudharau. Unaifanya bodi ikaze, unazuia kelele za tairi, unaficha mali, na dereva akifunga breki ghafla mzigo unagonga ukuta kabla ya kumfikia mtu. Kwenye stesheni wagoni na hachibaki ukuta huo haupo. Mtungi wa gesi usiofungwa unakuja mbele kwa kasi ile ile gari lililokuwa nayo. Angalia sakafuni kwenye Probox ya mizigo, utaona vishikizo vya chuma pembeni. Ni vya kamba, na wengi hawajawahi kuvitumia.

Mgongo uliokatwa una tabia nyingine. Gari likienda, hewa inazunguka nyuma ya mlango na kulivuta vumbi kulirudisha kwenye kioo, ndiyo maana hachibaki na stesheni wagoni nyingi zina waipa ya nyuma na sedani nyingi hazina. Fungua mlango wa nyuma wa gari la mtumba lililotoka safari ya vumbi, pitisha kidole ndani ya raba inayozunguka mlango. Ukikuta msitari wa vumbi laini umevuka kuingia upande wa ndani, raba imechoka au mlango uliwahi kugongwa ukanyooshwa. Na pale vumbi linapopita, moshi wa ekzosi nao unapita. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu naona kila wiki magari yanatembea na mlango wa nyuma wazi, umefungwa kwa kamba ili kitanda kitokeze. Mzunguko ule ule wa hewa unauingiza moshi ndani, na ndani ya moshi huo kuna gesi isiyo na harufu inayolewesha na kuua. Ikibidi usafiri hivyo kwa mwendo mfupi, shusha vioo vyote vya mbele na usilaze mtoto nyuma.

Mama mdogo aliposikia habari za kilima na utelezi, shauri lake la kwanza lilikuwa kununua gari la juu. Ndivyo tunavyoziita esyuvi, na jina hilo linaeleza kitu cha kweli: ziko juu, matumbo yake hayagusi matuta. Lakini ndani ya jina hilo mna magari ya aina mbili yasiyofanana kabisa, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha.

Piga goti kando ya gari, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, na utazame chini. Kwenye Land Cruiser au Prado utaona boriti mbili nene za chuma zinazokwenda kutoka mbele hadi nyuma, zimeunganishwa na vyuma vya kukingama kama ngazi iliyolazwa. Hiyo ni chesisi. Bodi yote imekalishwa juu yake kwa boliti zenye raba nzito. Sasa nenda kwenye RAV4. Hutaona ngazi. Utaona bati la sakafu lililokunjwa kunjwa ili likaze, likiwa limeungana na kuta na paa kuwa ganda moja, kama ilivyo kwenye Vitz. RAV4 ilipotoka mwaka 1994 ilitumia vipande vingi vya magari madogo ya Toyota, na Harrier ya 1997 ilijengwa juu ya misingi ya Camry. Kwa hiyo ukiiweka kwenye mizani yangu, RAV4 ni ndugu wa karibu wa stesheni wagoni iliyonyanyuliwa kuliko ilivyo ndugu wa Land Cruiser.

Hilo si kosa. Ganda moja ni jepesi, linakula mafuta kidogo na linatembea vizuri kwenye lami. Ila usilinunue ukidhani litavuta tela la mawe kila siku. Pia uzito wake uko juu zaidi kuliko wa gari dogo, na gari la juu likikata kona kali kwa mwendo wa sedani linaegemea sana, zaidi ukilipandishia magunia kwenye keria ya paa. Kwa walio pwani kuna la kuongeza: kwenye gari lisilo na chesisi, ile kingo ya chini ya milango ni sehemu ya mifupa yake. Igonge kwa kucha, kisha ibonyeze kwa kidole gumba. Kutu ikiwa imeshaila, kilicholika ni nguvu ya gari, na rangi mpya haiirudishi.

Pikapu ndiyo inayoionyesha chesisi waziwazi. Simama ubavuni mwa Hilux na utazame kati ya kibini na kasha la mizigo. Kuna mwanya. Ukipata nafasi ya kuifuata pikapu iliyopakia kwenye barabara ya mashimo, uangalie mwanya huo: juu unabana, chini unafunguka, kasha linalala kushoto wakati kibini kinalala kulia. Chesisi inajikunja, na ndivyo ilivyokusudiwa. Vingeunganishwa kuwa kitu kimoja, bati lingepasuka pembeni.

Nyuma ya Hilux, ekseli imelalia springi za vyuma bapa vilivyolaliana, kirefu juu na vifupi chini. Kile cha chini kabisa, kinene, hakifanyi kazi gari likiwa tupu, kinaanza kubeba mzigo ukishaingia. Ndiyo maana pikapu tupu inaruka ruka na kumchosha abiria, na ikipakiwa inatulia. Fortuner imejengwa kwa misingi ile ile ya Hilux, lakini nyuma wameiwekea springi za koili, kwa kuwa itabeba watu.

Kuna udanganyifu wa macho kwenye pikapu ya milango minne. Kibini kimerefuka, kasha likafupika: kwenye Hilux ya milango miwili kasha lina kama mita 2.3, kwenye ya milango minne kama mita 1.5. Kasha hilo fupi limesukumwa nyuma. Kwenye ya milango miwili katikati ya mzigo inaangukia karibu na ekseli, kwenye ya milango minne inavuka kwenda nyuma yake, na unarudi kule kule kwa Platz na pua iliyoinuka. Watu wanaijaza mchanga kwa kuwa "ni Hilux", kisha chesisi inapata ufa nyuma ya kibini, pale inapojikunja zaidi. Ukiwa unanunua, ingia chini na tochi uangalie mahali hapo. Kovu la kuchomelea, au rangi nyeusi mbichi kwenye sehemu moja tu, litakuambia historia ambayo muuzaji hataisema.

Basi dogo ni kinyume cha yote haya. Hiace, ambayo Toyota imeitengeneza tangu 1967, haina boneti ya maana. Dereva amekaa karibu juu ya ekseli ya mbele na injini iko chini ya viti vya mbele. Ili kuigusa, fundi ananyanyua kiti. Urefu wa Hiace ya kawaida tuliyoizoea ni kama mita 4.7. Yaani imeizidi Platz kwa nusu mita na kidogo tu, na Kenya ina leseni ya kubeba abiria 14, mahali ambapo Platz inakaa watu watano. Nafasi hiyo yote ilitoka kwenye pua. Huko Kenya matatu ya namna hii watu huiita Nissan, hata ikiwa ni Toyota; kwetu Dar es Salaam iliitwa kipanya.

Bei ya nafasi hiyo inalipwa na miguu ya dereva, kwa sababu kati ya magoti yake na gari linalomjia hakuna chumba cha injini cha kujikunja kwanza. Abiria nao wana lao. Hiace nyingi zinafika kwetu zikiwa za mizigo, nyuma hazina viti, kisha vinafungwa hapa. Nikipanda gari nisilolijua hukagua mguu wa kiti changu. Boliti inayopita kwenye sakafu na kukutana na bamba nene la chuma kwa chini itakaa. Boliti iliyoshika bati tupu utaijua kwa mduara wa bati uliobonyea kuizunguka, na kwa kiti kinachocheza ukikisukuma kwa goti. Siku ya ajali kiti hicho kitakwenda mbele pamoja na mkanda wako.

Mama mdogo hakununua gari la juu. Aliuza Platz, akachukua Probox ya mizigo, ya kuvutwa na magurudumu ya mbele. Siku ya kwanza kupakia alinipigia simu kuuliza ekseli iko wapi hasa, maana ndani ya gari haionekani. Nilimwambia asimame nje ubavuni, atafute katikati ya gurudumu la nyuma, kisha aupandishe usawa huo ndani. Nilipokwenda tena nilikuta amechora mstari wa chaki sakafuni, kutoka ukuta hadi ukuta, na kijana anayempakilia ameshaelezwa: magunia mbele ya chaki, nyuma ya chaki ni mifuko mitupu na mboga tu.